Ankara ya tarehe 15 Mei, hela tarehe 30 Juni: wananizungusha?

Shikamoo Bibi Hesabu,

Nina karakana ya ushonaji hapa Moshi, tuko mafundi saba. Mwezi wa tano nilishonea hoteli moja ya Arusha sare 120 za wafanyakazi, seti moja shilingi 45,000. Mzigo niliupeleka Alhamisi tarehe 15 Mei 2025 na ankara nikaitoa siku hiyo hiyo. Ni shilingi 5,400,000, ukiweka na VAT inafika 6,372,000. Kwenye LPO yao, ile hati ya kuagiza mzigo, waliandika "NET 30 EOM". Mimi nikajua ni siku 30, na programu yangu ya ankara nayo ikaandika ilipwe tarehe 14 Juni. Kwa kuamini hivyo nikamwahidi mwenye duka aliyenipa vitambaa mali kauli kwamba Jumatatu tarehe 16 namkabidhi 2,360,000 yake.

Siku hiyo ilipofika hakuna kitu benki. Nikapiga simu, kijana wa uhasibu akanijibu, "Dada, ya kwako inaiva tarehe 30." Nilikasirika, nikawatumia barua pepe kwamba wamechelewa na kuanzia sasa naongeza riba ya asilimia 2. Mpaka leo tarehe 17 hawajajibu. Mume wangu anasema EOM ni mwisho wa mwezi, kwa hiyo walitakiwa kulipa tangu tarehe 31 Mei. Shemeji naye anasema neti maana yake ni hela baada ya kukatwa kodi. Nani yuko sahihi, na siku yangu ni ipi?

Mshonaji, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Siku yako ni Jumatatu, tarehe 30 Juni. Kijana wa uhasibu yuko sahihi, na wewe, mumeo na shemeji yako wote mmekosea, ingawa mumeo amekosea kwa kukaribia. Kabla hujaendelea kusoma, rudi kwenye barua pepe uandike mistari miwili ya kuifuta ile ya riba. Huwezi kutoza riba ya kuchelewa kwa deni ambalo siku yake haijafika, na huyo kijana ndiye utakayemhitaji wiki hii, kwa sababu nitakazoeleza. Mwambie tu kwamba uliisoma LPO vibaya. Nilikaa dirisha la malipo la hoteli kwa miaka mingi, na muuzaji aliyewahi kuniandikia "samahani, nilihesabu vibaya" nilikuwa namkumbuka kwa wema kila nilipopanga malipo.

Sasa tuyafungue hayo maneno. "NET" hapo haina uhusiano na kodi. Shemeji anaichanganya na mshahara, ambako neti ni kinachobaki baada ya makato. Kwenye ankara maana yake ni kwamba unalipwa kiasi kizima, hakuna punguzo la kuwahi kulipa. Wako wafanyabiashara wanaoandika kwamba ukilipa ndani ya siku 10 unapunguziwa asilimia 2, la sivyo unalipa yote kufikia siku ya 30. Hiyo "yote" ndiyo neti. Wewe hukutoa punguzo, kwa hiyo unadai 6,372,000 kamili.

"EOM" ndiyo iliyokuponza. Ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza ya "mwisho wa mwezi", na hapo mumeo alipatia. Alipokosea ni kudhani kwamba mwisho wa mwezi ndiyo siku ya kulipa. Mwisho wa mwezi ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Chukua tarehe ya ankara yako, 15 Mei. Usianze kuhesabu hapo. Nenda kwanza mpaka mwisho wa mwezi uliomo, yaani tarehe 31 Mei. Kutoka hapo hesabu siku 30, unaangukia tarehe 30 Juni. Zile siku 16 za kutoka tarehe 15 mpaka tarehe 31 Mei hazikuhesabiwa, zimepita bure. Ndiyo maana mkopo unaoitwa wa siku 30 umekuwa wa siku 46.

Utaniuliza nani alibuni ujanja huu. Kwa kweli haukuanza kama ujanja. Hoteli kama hiyo inapokea ankara za nyama, mboga, gesi, sabuni na sare kila siku ya Mungu. Kila ankara ikiwa na siku yake ya kuiva, mhasibu atakuwa anaandika malipo asubuhi na jioni. Kwa masharti ya mwisho wa mwezi, ankara zote za Mei, iwe ya tarehe 3 au ya tarehe 29, zinaiva pamoja tarehe 30 Juni. Muuzaji analeta stetimenti moja, inalinganishwa na daftari mara moja, yanatoka malipo mamoja. Ni nafuu kwa mnunuzi, na gharama ya nafuu hiyo anaibeba muuzaji.

Najua utasema: mbona ankara yangu iliandika tarehe 14 Juni, na wao wakaipokea bila kulalamika? Hapa angalia nini kilitangulia. Hoteli ilikupa LPO yenye masharti yake, wewe ukakata kitambaa, ukashona, ukapeleka mzigo. Kwa kufanya hivyo uliyakubali masharti yaliyoandikwa pale. Ankara ilikuja baadaye, na karatasi inayokuja baada ya makubaliano haiwezi kuyabadilisha peke yake. Mhasibu akiona LPO inasema hivi na ankara inasema vile, anafuata LPO, na ukimpeleka popote utashindwa. Programu yako haikukosea hesabu, maana 15 Mei ukiongeza siku 30 kweli ni 14 Juni. Iliambiwa siku 30 kavu, ikakupa siku 30 kavu. Ndani ya mipangilio yake tafuta mahali pa kuchagua siku zihesabiwe kuanzia wapi. Kwenye Xero, kwa mfano, chaguo unalolitaka limeandikwa `day(s) after the end of the invoice month`, na unajaza 30. Lifunge kwa mteja huyu tu, usiwabadilishie wateja wote.

Kuna jambo moja kuhusu haya maneno ambalo watu wanaoyatumia kila siku hawalijui, nalo litakupata siku nyingine kama halikukupata leo. NET 30 EOM ina usomaji zaidi ya mmoja. Nilioufanya hapo juu ndio wa kawaida: kwanza mwisho wa mwezi, halafu siku 30. Wako wanaogeuza: kwanza siku 30 kutoka tarehe ya ankara, halafu unasogea mpaka mwisho wa mwezi ulioangukia. Na wako wasiohesabu siku kabisa, wao kwao ni "mwisho wa mwezi unaofuata", basi.

Ijaribu ankara yako kwa njia zote tatu. Ya kwanza imetupa 30 Juni. Ya pili: 15 Mei ongeza siku 30 ni 14 Juni, sogea mwisho wa mwezi, 30 Juni. Ya tatu: mwezi unaofuata Mei ni Juni, mwisho wake tarehe 30. Zote zimekutana mlango mmoja. Kwa ankara ya katikati ya mwezi njia hizi hukutana hivyo au hupishana siku moja au mbili tu, na ndiyo sababu mnunuzi na muuzaji wanaweza kufanya biashara mwaka mzima kila mmoja akiwa na maana yake kichwani, wasigombane hata siku moja.

Ugomvi unakaa pembeni mwa mwezi. Tuseme ungetoa ankara tarehe 1 Mei. Kwa usomaji wa kwanza unakwenda 31 Mei, unaongeza 30, unalipwa 30 Juni. Kwa usomaji wa pili, 1 Mei ongeza siku 30 ni 31 Mei, na hiyo tayari ni mwisho wa mwezi, kwa hiyo unalipwa 31 Mei. Maneno ni yale yale, ankara ni ile ile, na kati ya siku hizo mbili kuna mwezi mzima. Mbaya zaidi ni ankara ya tarehe 31 Januari 2026, kwa sababu Februari ni fupi. Wa kwanza atasema 2 Machi, wa pili atasema 31 Machi, wa tatu atasema 28 Februari.

Usidhani ni utata wa watu wasiosoma. Ufaransa wana sheria ya muda wa kulipana kati ya wafanyabiashara, iliyokazwa mwaka 2008. Ukomo wa kawaida ni siku 60 kutoka tarehe ya ankara, au wahusika wakikubaliana, siku 45 mwisho wa mwezi. Hizo siku 45 nazo zikazua swali lile lile: unaanza na mwisho wa mwezi au unaanza na siku? Jibu lililokubalika kule ni kwamba njia zote mbili zinafaa, mradi pande mbili zimeelewana. Sasa pima kwa ankara ya tarehe 15 Mei. Ukianza na siku 45 unafika 29 Juni na kusogea mpaka 30 Juni. Ukianza na mwisho wa mwezi unafika 15 Julai. Kwa siku 45 hata ankara ya katikati ya mwezi haiponi.

Kwa hiyo ukipata mteja mpya mwenye EOM kwenye karatasi zake, usimuulize "EOM yenu maana yake nini?" Atakujibu "mwisho wa mwezi" na mtakuwa hamjasema chochote. Muulize tarehe: "Nikikuletea ankara ya tarehe mosi Mei, mtanilipa tarehe ngapi? Na ya tarehe 31 Januari?" Majibu hayo mawili yanakueleza anahesabuje. Kisha jibu lake liandike kwenye barua pepe, umtumie, akuthibitishie. Kwenye ankara yako andika tarehe kamili ya kulipwa pamoja na maneno ya masharti, siyo maneno peke yake.

Kama unatumia Excel kufuatilia madeni, tarehe ya ankara ikiwa kwenye kisanduku A2, njia hizo tatu kwa mpangilio niliozitaja ni hizi:

```
=EOMONTH(A2,0)+30
=EOMONTH(A2+30,0)
=EOMONTH(A2,1)
```

Ukiona kisanduku kimekutolea namba kama 45838 usishtuke. Hiyo ndiyo 30 Juni 2025 kwa lugha ya Excel, badilisha tu muundo wa kisanduku uwe wa tarehe.

Turudi Arusha, maana hatari yako halisi haijapita. Nimesema siku yako ni 30 Juni, lakini nimehesabu kutoka tarehe iliyo kwenye ankara. Mfumo wa hoteli unahesabu kutoka tarehe aliyoiingiza mtu. Mtunza stoo anapokea mzigo, ankara inakaa mezani kwake ikisubiri saini ya meneja, meneja yuko safari, inafika uhasibu tarehe 2 Juni, na mwingizaji kwa haraka anaandika tarehe ya siku ile badala ya tarehe 15 Mei. Hapo mfumo utakwenda mwisho wa Juni, utaongeza siku 30, na ankara yako itaiva 30 Julai. Hakuna aliyekudhulumu kwa makusudi, lakini utasubiri mwezi mwingine. Nimeyaona haya mara nyingi kuliko wizi. Niliwahi kumpoteza muuzaji mzuri wa mashuka kwa kosa kama hilo, na kosa lilikuwa la mezani kwangu.

Kwa bahati kijana amekwambia tarehe 30, ingawa simu haionyeshi alimaanisha mwezi gani. Nina imani ni Juni, lakini usiishi kwa imani. Ndiyo maana nimekwambia ufute ile barua kali. Katika barua hiyo hiyo ya kuomba radhi, muulize mambo mawili: ankara yangu imeingizwa kwa tarehe gani, na mfumo wenu unaonyesha inaiva lini? Ambatanisha nakala ya LPO, hati ya kupokea mzigo yenye saini na mhuri wa tarehe 15 Mei, na risiti ya EFD. Wakikuta imeingizwa kwa tarehe ya Juni, leo kuna muda wa kusahihisha. Ukingoja tarehe 1 Julai ndipo uulize, utakuta orodha ya malipo imeshatiwa saini.

Muulize pia wanalipa siku gani za wiki. Ankara kuiva tarehe 30 hakumaanishi hela inaingia kwako tarehe 30. Ofisi nyingi zina siku moja ya kutoa malipo, na mara nyingi ni Ijumaa. Tarehe 30 Juni mwaka huu ni Jumatatu. Kama wanalipa Ijumaa, basi ni tarehe 27 Juni wakiwa wema, au tarehe 4 Julai wakiwa kama watu wengi. Ya kwako ipange kwa tarehe 4 Julai. Ikija mapema, sherehekea.

Sasa kuhusu hela ambayo hujaitaja, nayo inanitisha kuliko ya vitambaa. Umeweka VAT kwenye ankara. Ankara ni ya Mei, kwa hiyo kodi hiyo ni ya Mei, na ritani ya Mei pamoja na malipo yake mwisho ni tarehe 20 Juni. Hiyo ni Ijumaa hii. TRA haingoji hoteli ikulipe, na maneno NET 30 EOM hayaihusu kabisa.

VAT uliyowatoza hoteli ni asilimia 18 ya 5,400,000, yaani 972,000. Katika 2,360,000 ya vitambaa, kama mwenye duka naye ameandikishwa VAT na alikupa risiti ya EFD inayoonyesha kodi, mna 360,000 unayoweza kuiondoa hata kama hujamlipa bado. Inabaki 612,000 ya kupeleka TRA Ijumaa, siku 10 kabla ankara haijaiva, kutoka kwenye hela ambayo hujaishika. Kama duka halikukupa risiti ya namna hiyo, ni 972,000 yote. Ikague leo. Na wala usifikirie kuipeleka ankara Juni ili kodi isogee: risiti ya EFD imeshajitia tarehe yake, na ankara yenyewe itasogea mpaka 30 Julai. Utakuwa umechelewesha kodi kwa mwezi na hela yako vilevile.

Kwa hiyo mafungu yako kwa wiki mbili zijazo yana mpangilio: TRA kwanza, mafundi wako, halafu mwenye duka. Huyu wa vitambaa nenda kamwone kwa miguu yako, usimpigie simu. Chukua LPO na hati ya kupokea mzigo, mwonyeshe kwamba mzigo umepokelewa na deni linaiva tarehe 30 Juni, mpe kidogo ulicho nacho, na umwahidi iliyobaki kwa tarehe 4 Julai. Usimwambie tarehe 30 kisha ukarudi kuahirisha tena. Mtu wa mali kauli anavumilia ahadi ya mbali kuliko ahadi inayovunjika mara mbili.

Pengine utapata wazo la kuwaambia hoteli wakilipa sasa utawapunguzia asilimia 2. Mimi nisingefanya. Asilimia 2 ya ankara yako ni 127,440, na unazinunua siku kama 10 tu. Ni mkopo ghali sana, na baada ya hapo watakutegemea uwapunguzie kila mara. Afadhali uombe kwa ustaarabu kwamba malipo yako yaingizwe kwenye Ijumaa ya tarehe 27. Wanaweza kukataa, lakini kuomba hakukugharimu kitu.

Oda inayofuata, hesabu mapema. Kwa masharti haya siku ya kutoa ankara ina uzito kuliko unavyodhani. Ankara ya tarehe 30 Mei ingelipwa 30 Juni, yaani baada ya siku 31. Ankara ya tarehe 2 Juni ingelipwa 30 Julai, baada ya siku 58. Kwa kuchelewa siku tatu unatoa mkopo wa karibu mwezi mwingine. Kwa hiyo kazi ikikaribia kwisha tarehe za mwisho wa mwezi, kesheni mwimalize, mzigo upelekwe, ankara itoke mwezi ule ule. Lakini kazi iliyokwisha tarehe 3 usiirudishe nyuma iwe ya tarehe 31. Mashine ya EFD na saini ya stoo zitakuumbua.

Na hata huko mwisho wa mwezi, usisubiri siku ya mwisho kabisa. Wamarekani, kwenye vitabu vyao vya hesabu za biashara, wana desturi kwamba ankara ya tarehe 26 au baada yake inahesabiwa kama ya mwezi unaofuata. Hoteli nyingine hazijui desturi hiyo lakini zinaifanya bila kujua, kwa sababu zinafunga kupokea ankara za mwezi tarehe 25 ili zipate nafasi ya kufunga hesabu. Hapo ankara yako ya tarehe 30 Mei ingegeuka ya Juni na kuiva 30 Julai. Hilo nalo muulize kijana: mnafunga mwezi tarehe ngapi?

Ukitoa ankara siku yoyote ile ndani ya mwezi, kwa wastani utakuwa unamkopesha mteja huyu siku 45 au zaidi, siyo 30. Weka gharama ya hizo siku kwenye bei ya seti. Au kabla hujaanza kukata kitambaa cha oda ijayo, waombe malipo ya awali ya kununulia jora. Wakikataa yote mawili, waombe wafute zile herufi tatu na kubaki na siku 30 kutoka tarehe ya ankara. Hilo liombe LPO ikiwa bado haijatiwa saini. Mzigo ukishapokelewa stoo, meneja ununuzi atakusikiliza kwa adabu na hatabadilisha kitu.